Ukimfuta mwamuzi kwenye picha, nani alikuwa nyuma yake?

Kila Jumapili jioni, baada ya mechi za mitaani hapa Bunia, picha huanza kutembea kwenye simu. Zinatoka Mudzi-Pela, zinafika Bankoko na Saio, na kabla ya giza zimeshaingia kambi ya Kigonze, ambako wazazi wanatafuta sura ya mtoto wao kati ya wachezaji. Wapiga picha wetu ni vijana wenye simu, na wachache wenye kamera za mkononi. Wanafanya kazi nzuri. Lakini siku hizi kuna ombi moja ambalo wanalisikia kila wiki: "Kaka, unitolee huyu arbitri, anaharibu picha." Au: "Toa ile banderoli ya pombe nyuma ya mtoto wangu."

Ombi hilo si baya. Mama anayetaka kubandika picha ya mwanawe ukutani ana haki ya kutaka ukuta wake uwe safi. Shida inaanza pale ambapo picha ileile iliyosafishwa kwa ajili ya ukuta inarudi kwenye simu, na watu wanaitazama kama habari ya mechi. Anayejua jinsi kazi hii ya kufuta inavyofanyika, hatua kwa hatua, ataelewa mara moja kwa nini ukuta na habari havipaswi kupokea picha moja.

Chukua picha ya namna ambayo kila mtu ameiona. Mshambuliaji mwenye jezi nyekundu ameruka juu ya mguu wa beki, mpira uko mbele yake, vumbi limepanda. Nyuma yake kidogo amesimama mwamuzi, amenyoosha mikono yote miwili mbele. Mstari wa eneo la penalti unapita chini yao, kutoka pembe ya kushoto ya picha ukielekea kulia na kupanda kidogo. Mbali zaidi, ng'ambo ya uwanja, kuna banderoli mbili zimefungwa kwenye miti. Picha ina upana wa pikseli 4000, yaani nukta 4000 za rangi zilizopangwa kutoka kushoto hadi kulia, kama simu nyingi zinavyopiga.

Mwamuzi huyo amekata mstari. Upande wake wa kushoto mstari unaonekana, upande wake wa kulia unaonekana, katikati kuna miguu yake na pengo la pikseli 220 hivi. Ukimfuta, pengo hilo lazima lijazwe, na jicho la mtu yeyote aliyewahi kucheza mpira litakwenda hapo kwanza. Majani yanaweza kudanganya, vumbi pia. Mstari haudanganyi kirahisi, kwa sababu kila mtu anajua unatoka wapi na unakwenda wapi.

Vijana wengi hutumia kifutio cha simu. Wanapitisha kidole juu ya mwamuzi, anatoweka. Kwenye majani kifutio hicho hufanya kazi yake. Kwenye mstari ndipo kinapoaibika. Mstari unaweza kukatika, au unapinda, au unayeyuka kama chokaa iliyonyeshewa. Sababu ni kwamba kifutio cha aina hii kinakisia kutokana na rangi zilizo karibu, na pale ambapo nyeupe inakutana na kijani kinachanganya zote mbili.

Kwenye kompyuta kuna programu ya GIMP, ambayo haiuzwi, na ndani yake kuna vyombo viwili ambavyo watu huchanganya. Kimoja kinaitwa `Heal`, unakiita kwa herufi H. Kingine ni `Clone`, herufi C. Ikiwa kompyuta iko kwa Kifaransa majina yatakuwa mengine, lakini herufi ni zilezile. `Heal` inachukua umbile la sehemu moja na kulipa rangi na mwanga wa sehemu inayopakwa. Kwa hiyo ni nzuri kwa majani, udongo na ngozi, na ni mbaya kwa mstari, maana itavuta ukijani wa majani na kuutia kwenye weupe. `Clone` inanakili tu, nukta kwa nukta, bila kubadilisha kitu. Mstari unarudishwa kwa `Clone`. Majani yanamaliziwa kwa `Heal`. Anayeanza na `Heal` kwenye mstari ataishia kulaumu kompyuta.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwanza picha ya asili inahifadhiwa mahali pake, haiguswi. Kazi inafanyika kwenye nakala. Kisha picha inakuzwa mpaka mara mbili ya ukubwa wake, kwa sababu kosa la mstari halionekani kwenye picha ndogo, ila linaonekana baadaye likichapishwa. Halafu mchezaji mwenyewe anazungushiwa mpaka, hasa kiatu na soksi zake pale zinapogusana na mwamuzi, ili brashi isimle. Hatua hii inachosha, na ndiyo ambayo watu huruka. Matokeo yake ni mshambuliaji mwenye mguu mmoja mwembamba kuliko mwingine.

Sasa mstari. Unashika `Ctrl` na kubofya katikati kabisa ya mstari, upande wa kushoto wa pengo. Hapo ndipo nakala itatoka. Kisha unaanza kupaka katikati ya mahali ambapo mstari unapaswa kuendelea. Kwenye mipangilio ya chombo, `Alignment` iwe `Aligned`, ili umbali kati ya unapotoa na unapoweka usibadilike hata ukiinua mkono. Jambo la kuangalia ni kwamba safari kutoka unapotoa mpaka unapoweka lazima iufuate mstari wenyewe. Mstari ukipanda kidogo kuelekea kulia, nawe lazima upande kwa kiasi hichohicho. Ukikosea kidogo tu, kipande kipya kitakaa kama ngazi, na jicho litaona ngazi hiyo hata kama mtu hawezi kusema ni nini kinamsumbua.

Kuna jambo la pili. Mstari unaoelekea mbali na kamera unapungua unene. Katika picha hii, mwisho wa kushoto, karibu na mpiga picha, una unene wa pikseli 24. Mwisho wa kulia, mbali, una pikseli 8. Pale mwamuzi aliposimama, katikati, una kama 16. Tofauti ndani ya pengo la pikseli 220 haifiki pikseli moja, kwa hiyo ukitoa nakala kutoka jirani kabisa hakuna atakayegundua. Lakini ukitoa nakala kutoka mwisho wa kushoto kwa sababu huko chokaa ni nyeupe na nzuri, utakuwa umeweka kipande cha 24 mahali pa 16, na mstari utafanana na nyoka aliyemeza panya. Dawa ni kuchukua nusu ya pengo kutoka kushoto na nusu kutoka kulia, zikutane katikati, kisha mahali zinapokutana papitishwe brashi laini.

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa viwanja vya Ulaya, ambako mistari imepakwa kwa mashine na imenyooka kama rula. Inashauri kushika `Shift` na kubofya ncha moja na nyingine ili brashi ichore moja kwa moja. Hapa Bunia ushauri huo utakuumbua. Mistari yetu imemwagwa kwa mkono, kwa chokaa na pengine kwa majivu, kufuata kamba. Mahali pengine mwaga chokaa alipiga chafya. Mbele ya goli viatu vimeifuta kabla ya nusu saa. Ukiweka katikati kipande kilichonyooka na cheupe kupita jirani zake, ni kama kuweka bati jipya moja kwenye paa la zamani. Kwa viwanja vyetu `Clone` inapakwa kwa mkono, vipande vifupi vifupi, na inafaa uache na mahali chokaa ilipofifia.

Halafu kuna kivuli. Bunia iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana kivuli cha mtu ni duara dogo chini ya miguu yake, rahisi kukifuta pamoja naye. Lakini mechi zetu huchezwa jioni. Saa kumi na nusu kivuli cha mwamuzi kinaweza kuwa kirefu kuliko yeye mwenyewe, na mara nyingi kinalala juu ya mstari au kinapanda kwenye mguu wa mchezaji. Wengi wanamfuta mtu na kusahau kivuli chake. Wengine wanakifuta kwenye majani na kusahau kile kipande kilichopita juu ya chokaa, ambacho hakionekani cheusi, kinaonekana cha kijivu. Mstari unabaki na doa la kijivu ambalo halina mwenyewe.

Banderoli ni rahisi zaidi, na ni ngumu zaidi. Ni rahisi kwa sababu iko mbali na mara nyingi haigusi mistari, isipokuwa ule wa pembeni unaopita chini yake. Ni ngumu kwa sababu nyuma yake hakuna majani. Kuna watu. Ukiondoa kitambaa cha mita tatu lazima uweke miguu na viuno vya watazamaji ambao hukuwapiga picha, na unaowanakili watakuwa walewale walio pembeni yake. Mama mwenye kitenge cha njano atatokea mara mbili kwenye uwanja mmoja. Kwa hiyo hata kwa picha ya ukutani, mafundi wenye busara hawaondoi banderoli. Wanapaka maandishi yake rangi moja, kitambaa kinabaki kitambaa, mti unabaki mti, na mstari wa pembeni haukuguswa.

Hadi hapa ni ufundi, na kijana yeyote mvumilivu anaweza kuujua kwa juma moja. Sasa mtu aitazame tena ile picha iliyokwisha. Mstari umeunganishwa, kivuli kimeondoka, mshambuliaji anaruka peke yake kama ndege. Ni nzuri kuliko ya kwanza. Je, ni ya kweli?

Mstari ni wa kweli, kwa maana moja. Sheria za mpira zinasema mstari huo upo, uko mita 16.5 kutoka goli, hauna pengo katikati. Aliyeujaza amejaza kitu kinachojulikana. Lakini majani yaliyowekwa mahali pa mwamuzi hayajulikani. Kamera haikuona nyuma yake. Huenda palikuwa na majani. Huenda palikuwa na beki wa pili, amesimama palepale, ambaye kwa ajili yake mshambuliaji hakuwa ameotea. Huenda palikuwa na mguu wa mtu aliyelala chini. Anayefuta hamuondoi mwamuzi tu. Anasema pia kwamba nyuma ya mwamuzi hapakuwa na mtu, na hilo hana njia ya kulijua.

Na mwamuzi mwenyewe alikuwa anasema neno. Mikono miwili iliyonyooshwa mbele maana yake ni kwamba ameona kosa la beki na ameacha mchezo uendelee kwa faida ya mshambuliaji. Ukimfuta, uamuzi wake umefutika pia. Anayepokea picha Kigonze au Nyakasanza ataona mguu wa beki, ataona mshambuliaji hewani, na atauliza: mwamuzi alikuwa wapi? Jibu ni kwamba alikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Hata mstari uliojazwa vizuri una hatari yake. Sheria inaruhusu mstari uwe na upana usiozidi sentimita 12, na mstari ni sehemu ya eneo unalolizunguka. Kosa likifanyika juu ya chokaa ya eneo la penalti, ni penalti. Nyuma yake kidogo, ni mpira wa adhabu tu. Katika picha hii, kama chokaa ilimwagwa kwa upana wa sentimita 12, zinaonekana kama pikseli 16 pale katikati. Kipande kipya kikikaa pikseli 10 chini ya mahali pake, mstari umehama zaidi ya sentimita 7. Hiyo ni karibu theluthi ya upana wa mpira. Fundi hakukusudia. Lakini watu wa timu mbili wakigombana kuhusu penalti siku mbili baada ya mechi, watatoa simu na kukuza picha hiyohiyo, na watapima kwa vidole mstari ambao haukuwahi kumwagwa na mtu.

Katika mji ambao timu ya kambi na timu ya kartie zinakutana uwanjani, na kila upande una wafuasi wenye kumbukumbu ndefu, ugomvi wa penalti si jambo la kuchekea. Waamuzi wetu wana kazi ngumu ya kutosha bila kufutwa kwenye ushahidi.

Kuna atakayesema hayo ni maneno makubwa kwa picha ya Jumapili. Basi na aangalie kilichotokea Marekani mwaka 2007. Timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Bluffton, jimbo la Ohio, ilikuwa imepoteza wachezaji wake watano katika ajali ya basi mapema mwezi wa Machi. Iliporudi uwanjani, wachezaji walipiga magoti mbele ya mabango yenye namba za wenzao waliokufa. Mpiga picha Allan Detrich wa gazeti la The Blade la mji wa Toledo alikuwepo. Katika picha yake, iliyotoka ukurasa wa kwanza, nyuma ya bango moja hapakuwa na kitu. Wapiga picha wa magazeti mengine walikuwa wamesimama karibu naye, na katika picha zao miguu ya mtu aliyevaa suruali ya jinzi ilionekana chini ya bango hilohilo. Picha ziliwekwa pamoja, ikajulikana. Detrich alieleza kwamba nakala iliyosafishwa aliitengeneza kwa ajili yake mwenyewe, aitundike ukutani, na ikatumwa gazetini kwa makosa. Alijiuzulu. Gazeti lilipochunguza kazi zake tangu Januari ya mwaka huo, lilikuta picha 79 zilizobadilishwa.

Ukimwamini alichosema au usimwamini, maelezo yake yanafundisha. Nakala ya ukuta na nakala ya habari zilikuwa kwa mtu mmoja, kwenye kompyuta moja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila kijana wa Bunia mwenye simu moja, ambako picha zote zinakaa kwenye albamu moja na kutumwa kwa kidole kimoja.

Mwaka 2010 yalitokea mengine, katika shindano kubwa la picha za habari linaloitwa World Press Photo. Stepan Rudik alikuwa amepata zawadi ya tatu katika picha za michezo, kwa mfululizo kuhusu mapigano ya mitaani Kyiv. Waandalizi walipolinganisha na picha ya asili, waliona amefuta kipande cha mguu wa mtu kilichojitokeza nyuma ya mkono. Kipande kidogo, kisichobadilisha habari yoyote. Alinyang'anywa zawadi. Wengine waliona ni ukali mno. Lakini mstari ukishaanza kusogezwa kwa kitu kidogo, nani ataamua kidogo kinaishia wapi?

Kwa habari, basi, mwamuzi abaki. Na banderoli ibaki. Hili la pili litawaudhi wazazi na wachungaji, maana hakuna anayependa kuona mtoto wa miaka kumi na mbili akicheza chini ya jina la bia. Lakini kama mechi ya watoto ilichezwa chini ya jina la bia, hiyo yenyewe ni habari, na wazazi wanapaswa kuijua. Hivyohivyo kwa jina la mgombea. Wakati wa kampeni kuna wanaogawa mipira na jezi na kufunga vitambaa vyao kando ya uwanja. Picha inayofuta kitambaa inaficha aliyelipa. Mpiga picha asiyetaka kitambaa anaweza kukihama kabla ya kubonyeza. Apande juu kidogo, apige akielekeza kamera chini, nyuma ya mchezaji pabaki majani matupu. Au asogee hatua kumi upande wa pili. Au asubiri, maana mwamuzi hasimami mahali pamoja, na picha ya sekunde mbili baadaye inaweza kuwa safi bila kuguswa. Kukata pembeni ya picha pia kunaruhusiwa, kwa sababu kunapunguza kilichoonekana bila kuweka kisichoonekana, mradi tu asikate kile kinachoeleza tukio.

Kuna jambo moja ambalo haliingii katika hayo, nalo linawahusu wakimbizi wa ndani moja kwa moja. Banderoli nyingine zina jina la kambi. Familia iliyokimbia Djugu inaweza kuwa na sababu ya kutotaka sura ya mtoto wake ionekane pamoja na jina la mahali anapolala. Watu hawajasahau Plaine Savo, Februari 2022, ambako watu zaidi ya 50 waliuawa kambini usiku. Familia hiyo ikiomba jina lifichwe, lifichwe hata kwenye habari. Ila lifichwe waziwazi, kwa kipande cheusi au ukungu ambao kila mtu anaona kwamba ni ukungu. Kufunika namna hii kunamwambia msomaji kwamba kuna kitu hapa ambacho hakuonyeshwa. Kujaza watu wa bandia mahali pa jina ni kumwambia kwamba hapakuwa na kitu.

Mtu wa kawaida anayepokea picha anaweza kuichunguza mwenyewe, bila kompyuta. Aanze na macho ya wachezaji. Wachezaji wawili wakiwa wameinua mikono wakilalamika kuelekea majani matupu, aliyelalamikiwa ameondolewa. Kisha atafute kivuli kisicho na mtu, na jiwe au shada la majani linalojirudia mara mbili kwa umbo lilelile. Kisha mstari: akuze picha, aufuate kwa jicho kutoka ncha hadi ncha, atazame kama unene unaruka ghafla au weupe unabadilika. Ukingo wa karatasi ukiwekwa juu ya kioo cha simu unasaidia kuona kama mstari umevunjika katikati. Lakini asihukumu kwa karatasi peke yake, kwa sababu kamera za simu zenye kuona pana hupindisha mistari iliyo kandokando ya picha, na mstari wa kweli unaweza kuonekana umebonyea kama upinde. Mpindo wa kamera unakwenda taratibu kwenye urefu wote. Mpindo wa kifutio unatokea mahali pamoja.

Ushahidi mkubwa kuliko yote ni picha ya pili. Hapa hakuna mechi inayopigwa na simu moja. Kuna binamu aliyerekodi video kutoka upande wa pili, kuna dada aliyepiga wakati huohuo. Toledo walimgundua mtu wao hivyohivyo.

Na yule mama anayetaka picha ya mwanawe akiruka? Apewe, na ifanywe vizuri, mstari usivunjike, kivuli kisibaki. Nakala ihifadhiwe kwa jina lake, kwa mfano `ukuta_bila_mwamuzi.jpg`, mbali na ya asili, na isitumwe kwenye kundi la timu. Kwenye pembe ya chini, kwa herufi ndogo zisizoharibu uzuri, iandikwe kwenye picha yenyewe: "Mwamuzi ameondolewa." Maneno yakiandikwa chini ya ujumbe wa WhatsApp yatapotea mtu wa pili akiituma. Yakiwa ndani ya picha yatasafiri nayo, mpaka kwenye karatasi, mpaka kwenye turubai la nyumba ambako itatundikwa.